Mlango Ukifungwa Barazani: Lini Msuluhishi Azungumze na Upande Mmoja?

Marekebisho ya sheria ya mwaka 2021 yaliliondolea baraza la kata mamlaka ya kuamua migogoro ya ardhi. Kabla ya hapo, baraza la Kolandoto mkoani Shinyanga, sawa na la kata nyingine yoyote nchini Tanzania, liliweza kusikiliza shauri la shamba lenye thamani isiyozidi shilingi milioni 3 na kutamka nani mwenye haki. Sasa kazi yake katika ardhi ni kuwakutanisha wanaogombana wapatane, na likishindwa, kutoa hati inayosema limeshindwa, ili mlalamikaji aende Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Limepewa siku 30. Zikipita bila suluhu, mlalamikaji anaruhusiwa kwenda wilayani hata bila hati. Wanaoketi kusuluhisha ni wajumbe watatu, na angalau mmoja wao lazima awe mwanamke.

Wapo wanaosema baraza limebaki kibogoyo. Mimi naona kwamba pamoja na meno hayo kuliondoka jambo lililokuwa likiwafunga watu midomo. Mtu hawezi kumfungulia moyo yule atakayemhukumu kesho. Ukimweleza mjumbe kwamba mpaka wa shamba ulikuwa pale anaposema jirani yako, na mjumbe huyohuyo ndiye atakayeandika hukumu, umejimaliza mwenyewe. Kwa kuwa sasa hakuna hukumu, mjumbe anaweza kumwita kila mmoja pembeni, wakaketi faragha, akasikia yale ambayo hayasemeki mbele ya watu. Kikao hiki cha upande mmoja ni chombo kikali, na hoja yangu ni kwamba kinafaa kutumiwa kwa nadra, kwa sababu inayotajika, na chini ya ahadi ya siri ambayo wajumbe wote watatu wameielewa kwa namna moja kabla mlango haujafungwa. Baraza lisiloweza kutimiza hayo ni afadhali libaki na kikao cha pamoja.

Nianze na madhara, maana faida zake husimuliwa mno. Mwaka 1988 watafiti watatu wa Marekani, Welton, Pruitt na McGillicuddy, walichapisha matokeo ya kuchunguza vikao vya usuluhishi wa kijamii, vya majirani na watu wanaofahamiana, vinavyofanana sana na mambo ya kata. Waliona kwamba faraghani watu hufunguka zaidi, hutoa mapendekezo mengi zaidi, na uadui wa ana kwa ana hupungua. Lakini waliona pia kwamba mtu akiwa peke yake na msuluhishi humsema vibaya asiyekuwepo kuliko anavyothubutu mbele yake. Matokeo hayo mawili huja pamoja. Mjumbe anayetoka faraghani amebeba habari mpya, na amebeba pia tuhuma ambazo mhusika hakupata nafasi ya kuzijibu. Akikaa na mlalamikaji dakika 40 na mlalamikiwa dakika 10, anarudi kwenye kikao cha pamoja akiwa tayari ameegemea upande mmoja, na huenda mwenyewe hajui. Ndiyo maana wapo wasuluhishi wenye sifa, kama Gary Friedman na Jack Himmelstein wa Marekani, waliofundisha miaka mingi njia isiyo na faragha kabisa: kila neno lisemwe mbele ya wote, kwa kuwa wenye ugomvi ndio wanaopaswa kuelewana, na msuluhishi akigeuka kuwa tarishi anawanyang'anya kazi hiyo.

Pingamizi lao ni zito, na huku Usukumani lina mizizi. Dagashida, mkutano mkuu wa jamii ya Wasukuma, ni wa wazi. Shauri hutajwa hadharani, na uzito wa uamuzi hutokana na kwamba kila mtu alisikia. Mzee wa Kolandoto akimwona mjumbe anaingia ofisini na mlalamikiwa peke yake, atauliza wanaficha nini, na ana haki ya kuuliza. Jibu langu ni kwamba uwazi wa mkutano hauwapi wote sauti sawa. Mjane anayetazamana na mashemeji wanne walioketi mstari mmoja anasikika na kila mtu, ila anachokisema ni kile tu anachoweza kukisema kisha akarudi kulala nyumbani kwake salama. Mkoa wa Shinyanga una historia mbaya ya vikongwe waliouawa kwa kisingizio cha uchawi, na mara nyingi nyuma ya kisingizio hicho palikuwa na shamba la urithi. Kumtaka mwanamke wa namna hiyo aseme kila kitu hadharani ni kumtaka anyamaze.

Hapo tunapata sababu ya kwanza na ya maana kuliko zote ya kuitisha faragha: hofu. Dalili zake huonekana. Mtu aliyefungua malalamiko kwa maneno makali anaanza kujibu kwa neno moja; anamtazama ndugu fulani kabla ya kujibu; anakubali jambo ambalo dakika tano zilizopita alilikataa, bila sababu kutolewa. Sababu ya pili ni aibu, kwa mfano deni, ugonjwa, au mtoto wa nje ya ndoa ambaye jina lake likitajwa kikao kitavunjika. Ya tatu ni pale mtu anapokuwa amejifunga kwa maneno yake mwenyewe mbele ya ukoo na anahitaji nafasi ya kulegeza bila kuonekana ameshindwa. Hasira peke yake si sababu. Watu wakipigiana kelele, mapumziko ya robo saa chini ya mwembe yanatosha, na kuwatenganisha haraka mno kunawanyima nafasi ya kusikia uchungu ambao huenda ndio kiini cha ugomvi. Msuluhishi kuchoka nako si sababu, ingawa nadhani ndiyo inayotumika zaidi.

Kwenye machimbo sababu huwa nyingine kidogo. Mahali kama Mwakitolyo, mwenye shamba, mwenye leseni, mwenye duara na wachimbaji hugombania mgawo wa mifuko ya mawe, na kila mmoja anajua jambo asilotaka wenzake walijue: mawe yale yalitoa dhahabu kiasi gani mwaloni, nani alikopeshwa fedha za matimba na pampu, na kwa masharti gani. Hizo ni siri za biashara. Faragha inasaidia hapo, mradi msuluhishi akumbuke kwamba hesabu aliyopewa na mtu mmoja bila mwingine kuihoji ni dai tu.

Kabla ya kuwatenga watu, ni vizuri kujiuliza kama tatizo ni upande wa pili au ni watazamaji. Mwezi Februari 2008, baada ya wiki kadhaa za mazungumzo ya timu za wanasiasa wa Kenya, Kofi Annan aliziweka timu hizo kando. Tarehe 28 yeye na Rais Jakaya Kikwete, aliyekuwa Mwenyekiti wa Umoja wa Afrika, waliketi kwa saa kadhaa na Mwai Kibaki na Raila Odinga bila wasaidizi wao, na siku hiyohiyo mkataba ukatiwa saini. Ilikuwa faragha, lakini mahasimu wote wawili walikuwa ndani. Waliotolewa nje ni wale ambao kila mmoja wao alilazimika kuonekana shupavu mbele yao. Mashauri mengi ya mashamba yangefaa kutibiwa hivyo kwanza: ndugu wa ukoo wabaki nje, wagombanao wawili waingie, mlango ufungwe. Msuluhishi hana siri ya kubeba, na kila mmoja amesikia alichosema mwenzake.

Tuchukue sasa shauri la mfano, la kubuni lakini la kawaida. Mjane wa Kolandoto anadai ekari tano alizolima na marehemu mumewe. Shemeji yake anasema ardhi ni ya ukoo, mjane ana haki ya kulima tu, na hana haki ya kuigawa. Katika kikao cha pamoja hakuna anayesogea hata hatua. Mjane anazidi kunyamaza, na mjumbe mwanamke anaona mikono yake inatetemeka kila shemeji anapoongea. Mwenyekiti anatangaza vikao vya faragha. Anafanya hivyo mbele ya wote, anataja muda ambao kila upande utapewa, tuseme dakika 20, na anasema nani ataanza. Upande wa pili unaambiwa mahali pa kusubiri, pasiposikika sauti. Ofisi nyingi za kata zina chumba kimoja na kuta zake zinapitisha maneno, kwa hiyo viti viwili uwanjani, mahali ambapo wanaonekana na kila mtu lakini hawasikiki na yeyote, huwa bora kuliko chumba.

Wajumbe wote watatu wanakwenda pamoja. Nalisisitiza hili kwa sababu ndilo jibu la pingamizi la pili, kwamba faragha ni mlango wa rushwa. Ni kweli, ni mlango wa rushwa pale mjumbe mmoja anapomtembelea mlalamikiwa nyumbani jioni, au kupokea simu yake usiku. Wajumbe watatu, saa za kazi, mahali panapoonekana, kwa muda uliotangazwa, wamemfungia mla rushwa nafasi kuliko kikao cha wazi kinachofuatiwa na mazungumzo ya chinichini njiani. Sheria ilipoweka idadi ya watatu pengine haikuwaza faragha, lakini imetupa kinga hiyo, na ni kosa kuivunja kwa kumtuma mmoja wao akaongee na mhusika kidogo. Mjane akishindwa kusema mbele ya wanaume wawili, mjumbe mwanamke aongoze maswali na wenzake wakae kimya. Wasiondoke.

Kabla ya swali la kwanza, mwenyekiti anaeleza masharti ya siri. Kuna njia mbili, na wasuluhishi hawajakubaliana ipi iwe msingi. Sheria ya mfano ya Umoja wa Mataifa kuhusu usuluhishi wa kibiashara inamruhusu msuluhishi kuupelekea upande wa pili kiini cha aliyoambiwa, isipokuwa pale aliyesema ameweka sharti kwamba neno hilo ni siri. Njia ya pili ni kinyume chake: kila kitu ni siri mpaka msemaji mwenyewe aruhusu kipelekwe. Kwa wafanyabiashara wenye mawakili njia ya kwanza inaharakisha mambo. Kijijini ni hatari. Mjane hatakumbuka, katikati ya machozi, kutamka kwamba sentensi hii ni siri na ile si siri. Kwa baraza la kata nachagua njia ya pili bila kusita.

Siri hiyo ina mipaka, na mipaka husemwa mwanzoni. Mtu akisema kuna mpango wa kumdhuru fulani, jambo hilo haliwezi kubaki kwa wajumbe. Vilevile habari za mtoto anayetendewa vibaya, kwa sababu Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtaka mwanajamii mwenye taarifa hizo azifikishe kwa mamlaka ya serikali za mitaa. Mtu akishaambiwa hivyo, anachagua mwenyewe aseme nini. Akiambiwa baada ya kusema, ametegwa.

Mjane anapoingia anasema mambo mawili. Anaogopa, ingawa hakuna aliyemtishia kwa maneno. Na kusema kweli, hahitaji ekari zote tano. Angeridhika na tatu, zenye nyumba na kaburi la mumewe, mradi ziandikwe kwa jina la mwanawe. Shemeji naye, zamu yake ilipofika, anaanza kwa kumlaumu mjane dakika nyingi, kisha anatoa lililomkaa kooni: ekari mbili ameshamuuzia mtu wa mjini, amepokea shilingi milioni moja na nusu, na fedha hazipo. Ndiyo maana hasogei. Akikiri kwamba ardhi ni ya mjane, mnunuzi atamdai.

Wajumbe sasa wamebeba siri mbili ambazo, kwa hesabu ya haraka, zinaingiana kama pete na kidole. Mjane yuko tayari kuachia ekari mbili. Shemeji anahitaji mbili. Kishawishi cha kukimbilia karatasi ni kikubwa, na hapa ndipo wasuluhishi wengi wenye nia njema huharibu. Kosa la kwanza ni kuvujisha kwa swali. Mjumbe akirudi kwa mjane na kumuuliza, "Mama, na kama kungekuwa na mtu mwingine tayari ana maslahi kwenye lile shamba, ungesemaje?" hajasema lolote, lakini mjane si mjinga. Swali lenye umbo la siri ni siri iliyotoka. Kosa la pili ni kumwambia shemeji kwamba mjane anaweza kuridhika na tatu. Tangu dakika hiyo tatu si kiwango alichokuwa tayari kukifikia, ni mahali pa kuanzia kumpunguzia, na shemeji ataomba mbili na nusu.

Njia iliyo salama ni kila kikao cha faragha kimalizike kwa swali moja: katika haya uliyotueleza, lipi tumfikishie mwenzako, na kwa maneno gani? Mwenyekiti analirudia jibu kwa sauti, na msemaji analithibitisha. Mjane anaweza kusema: mwambieni nataka kuzungumzia nyumba na kaburi kwanza, hesabu ya ekari msiitaje. Hicho tu ndicho kinachobebwa. Na ikiwa wajumbe wanaona mpango unaoweza kuwafaa wote, wautoe kama pendekezo la baraza, kwa maneno yaleyale kwa kila mmoja, na kila mmoja ajibu ndiyo au hapana faraghani. Wote wakisema ndiyo, inatangazwa. Mmoja akikataa, baraza linasema tu kwamba pendekezo halikupita, na aliyekuwa amekubali hajulikani.

Lakini katika shauri hili hata pendekezo hilo haliwezi kutolewa bado, kwa sababu ya mnunuzi. Siri ya mjane ni kadiri ya anachoweza kukubali. Kuificha hakumdhulumu mtu. Siri ya shemeji ni ya aina nyingine. Inahusu hali halisi ya kitu kinachogombewa, na inamgusa mtu ambaye hayupo. Mjane akitia saini bila kuijua, atakuwa ametoa ekari mbili kwa kudhani anazirudisha kwenye ukoo, kumbe amehalalisha mauzo ambayo hakuwahi kuulizwa. Makubaliano hayo yatavunjika siku mnunuzi atakapokuja na vigingi vyake, na mjane atasema, kwa haki kabisa, kwamba baraza lilijua. Je, wajumbe wavunje ahadi ya siri? Nasema hapana. Wakiivunja mara moja, hakuna mtu wa kata hiyo atakayefunguka tena. Ila kutunza siri hakuwalazimishi kushiriki katika udanganyifu. Wanarudi kwa shemeji na kumwambia waziwazi: ulilotuambia hatutalisema, lakini hatutasimamia utiaji saini likiwa limefichwa. Aliseme mwenyewe, au waingie wote na baraza limsaidie kulisema, au usuluhishi ufungwe leo, bila sababu kutolewa, na kila mtu aende wilayani. Katika hali kama hiyo mtu mara nyingi huchagua kusema, kwa kuwa wilayani mnunuzi atajulikana tu, na kwa gharama kubwa zaidi. Akikataa, baraza linafunga. Inauma, na siku zilizobaki katika zile 30 zinapotea bure, lakini sioni njia ya tatu iliyo safi.

Pingamizi la mwisho ndilo linalonisumbua zaidi: kwamba wajumbe ni majirani, wana wake na waume, wanakunywa chai na watu walewale, na siri haitadumu. Sitalipuuza. Msuluhishi wa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi anayeshughulikia mfanyakazi aliyeachishwa Bulyanhulu huenda hatamwona tena mtu huyo maishani. Mjumbe wa Kolandoto atakutana naye mnadani Jumamosi. Lakini huko kwenye Tume nako kuna tatizo ambalo kata sasa haina katika ardhi. Kanuni za kazi zinaruhusu usuluhishi na uamuzi kuunganishwa, msuluhishi akageuka mwamuzi pale mapatano yanaposhindikana. Ikiwa ndivyo itakavyokuwa, faragha isiitishwe hata kidogo, au ikiitishwa mfanyakazi aambiwe mapema kwamba anayemsikiliza anaweza kumwamulia. Kila mahali pana udhaifu wake. Udhaifu wa kata unapunguzwa kwa wajumbe kusikia kidogo zaidi: wasiulize lisilohitajika kwa suluhu. Tuseme shemeji fedha zile alimpa mwanamke fulani: jina la mwanamke huyo halina kazi yoyote katika mgawo wa ekari, na mjumbe asiyelijua hana cha kuficha.

Linabaki daftari la katibu. Desturi ya baraza tangu enzi za kuhukumu ni kuandika kila kinachosemwa, na jalada hilo likiombwa wilayani, maneno ya faragha yanaweza kusomwa mbele ya mwenyekiti wa baraza la wilaya, na mjane akajikuta anaulizwa mbona alishasema tatu zinamtosha. Kwa hiyo wakati wa faragha katibu aweke kalamu chini. Mjumbe akihitaji kukumbuka kitu, aandike kwenye karatasi yake, na karatasi hizo zichanwe siku hiyohiyo mbele ya wote. Daftarini ziingie saa ambazo vikao vya faragha vilianza na kumalizika, na majina ya waliokuwepo. Hati ya kushindwa nayo itaje wahusika, shamba lilipo, tarehe shauri lilipofunguliwa, na kwamba mapatano hayakufikiwa; isitaje nani alikataa, alikataa nini, wala kwa nini.